Ngazi nne za elektroni kwenye butadieni: jinsi ya kuzipata kwa mkono, kisha kwa kompyuta

Kila muhula, wanafunzi wa mwaka wa pili ninaowasaidia hapa Kampala wakifika kwenye mada hii, simu yangu hujaa ujumbe wa namna moja. "Mwalimu, mimi nimepata ngazi ya chini ni −1.618, mwenzangu amepata 1.618, nani amekosea?" "Elektroni tunazojaza ni nne au thelathini?" "Nimepata namba zangu nne, sasa nazifanyia nini?" Nimejibu maswali haya kwenye veranda za hosteli za Kikoni, nikayajibu tena kwa sauti ya simu, na sasa nayaandika mahali pamoja.

Kabla hatujaanza, kuna jambo moja nataka ulibebe hadi mwisho. Butadieni ni molekuli inayosamehe makosa. Ukigeuza alama, namba zinazotoka ni zilezile. Ukisoma matokeo ya kompyuta kwa mistari badala ya safu, bado utaona kama umepatia. Mwanafunzi anapata alama zote kwenye zoezi, kisha anapewa molekuli nyingine kwenye mtihani na kila kitu kinaanguka. Kwa hiyo katika kila hatua nitakuonyesha pia namna ya kugundua kosa ambalo namba zenyewe hazitaki kulitaja.

## Unachohitaji

- Karatasi, kalamu na kikokotoo cha sayansi. Hatua 1 hadi 8 hazihitaji umeme.
- Kujua kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili kwa kanuni yake ya kawaida.
- Kwa hatua ya 9, kompyuta au simu yenye Python pamoja na numpy. Simu ya kawaida inatosha kabisa. Matriksi yetu ina namba kumi na sita tu.
- Maneno mawili. *Vekta aigeni* ya matriksi ni vekta ambayo ukiizidisha kwa matriksi hiyo inabaki kwenye mstari uleule, ila inarefuka, inafupika au inageuka nyuma. Namba inayosema imerefuka mara ngapi ndiyo *thamani aigeni*. Kwetu sisi thamani aigeni itatupa nishati, na vekta aigeni itatuambia elektroni imekaa wapi kwenye mnyororo.

Nadharia nitaitaja kwa kifupi. Mfano huu ulitolewa na Mjerumani Erich Hückel mwanzoni mwa miaka ya 1930. Unasema hivi: elektroni ya pai ikikaa kwenye kaboni moja ina nishati α, ikiweza kuruka kwenda kaboni jirani, uruko huo una uzito β, kaboni zisizopakana hazijuani kabisa. Basi. Kumbuka tu kwamba β ni namba hasi. Nusu ya maswali ninayopokea yanatokana na kuisahau sentensi hiyo.

## Hatua

### 1. Hesabu elektroni zinazohusika

Butadieni ni C4H6, kaboni nne kwenye mnyororo, bondi maradufu mwanzoni na mwishoni, bondi moja katikati. (Ni gesi, na ndiyo mojawapo ya malighafi za mpira bandia wa tairi, zikiwemo zile za bodaboda zinazokupita kila siku.)

Elektroni zote za molekuli ni 30, lakini hatuzitaki zote. Ondoa kwanza zile mbili za ndani kabisa za kila kaboni. Zinabaki za nje: kaboni nne zinaleta 16, haidrojeni sita zinaleta 6, jumla 22. Bondi za sigma ni tisa, yaani tatu za kaboni kwa kaboni na sita za kaboni kwa haidrojeni, na kila moja inakula elektroni mbili, hivyo 18 zimekwisha. Zimebaki 4. Hizo ndizo elektroni za pai, moja kwa kila kaboni, na hizo peke yake ndizo tutakazojaza kwenye ngazi. Haidrojeni hazionekani tena kuanzia hapa kwa sababu hazina obitali ya p ya kuchangia.

### 2. Ipe kila kaboni namba, kisha andika matriksi

Ziite 1, 2, 3, 4 kufuata mnyororo. Mahali ambapo mstari na safu vina namba moja, andika α. Mahali ambapo namba mbili ni za majirani, andika β. Kwingine kote andika sifuri.

```
α  β  0  0
β  α  β  0
0  β  α  β
0  0  β  α
```

Unaona namba zimejipanga kwenye mishazari mitatu tu: mkuu, wa juu yake na wa chini yake. Umbo hili linatokana moja kwa moja na mnyororo usio na tawi wala pete, na litaturahisishia kazi sana kwenye hatua ya 4.

Angalia: kosa la kawaida hapa ni kuweka β kwenye kona, nafasi ya (1,4) na (4,1). Ukifanya hivyo umeziunganisha ncha mbili na kutengeneza pete, na pete hiyo ni molekuli nyingine kabisa. Kosa lingine ni kuruka nafasi ya (2,3) kwa sababu "pale pana bondi moja". Bondi moja ya katikati inazuia nini? Obitali za p za kaboni 2 na 3 zimesimama sambamba, zinagusana, na elektroni inapita. Mada yote inasimama juu ya jambo hilo.

### 3. Toa α na β, ubaki na namba tupu

Kuburuza α na β katika kila mstari kunachosha na kunaleta makosa. Weka

```
x = (E − α)/β      yaani      E = α + xβ
```

na matriksi inabaki na sifuri kwenye mshazari mkuu na moja kando yake:

```
0  1  0  0
1  0  1  0
0  1  0  1
0  0  1  0
```

Thamani aigeni za matriksi hii ndizo x zetu nne.

Angalia sana. Vitabu vingi vinaandika `x = (α − E)/β`, kinyume cha hapa. Vyote viwili ni halali, ila katika uandishi huo x ya ngazi ya chini ni −1.618, na katika uandishi wangu ni +1.618. Ule ugomvi wa wanafunzi wawili nilioutaja mwanzoni ulikuwa huu huu: hakuna aliyekosea, kila mmoja alikuwa na kitabu chake. Chagua uandishi mmoja, uandike juu kabisa ya karatasi, na usiuchanganye na mwingine katikati ya kazi.

### 4. Jenga polinomia ngazi kwa ngazi

Wengi hukimbilia kufungua determinanti ya nne kwa nne na kupotea njiani. Hakuna haja. Matriksi yenye mishazari mitatu ina njia ya mkato: kila polinomia inapatikana kutoka kwa mbili zilizotangulia.

```
p0 = 1
p1 = x
p2 = x·p1 − p0 = x² − 1
p3 = x·p2 − p1 = x³ − 2x
p4 = x·p3 − p2 = x⁴ − 3x² + 1
```

Thamani aigeni ni zile x zinazofanya p4 iwe sifuri. Usiifute hiyo orodha ya p0 hadi p3. Tutairudia kwenye hatua ya 6, na hapo itakupa vekta bila jasho.

### 5. Tatua

Mlinganyo `x⁴ − 3x² + 1 = 0` unaonekana wa kipeo cha nne, lakini ukiita x² kuwa y, ni wa kipeo cha pili: `y² − 3y + 1 = 0`. Hivyo

```
y = (3 ± √5)/2 = 2.618 au 0.382
x = ±1.618 na ±0.618
```

Huenda umezitambua namba hizi, 1.618 ni ule uwiano wa dhahabu wa wanahesabu. Hapa haukuja kwa muujiza. Mnyororo wetu una ulinganifu wa kushoto na kulia, na ukiugawa kwa ulinganifu huo, matriksi ya nne kwa nne inavunjika kuwa mbili za mbili kwa mbili, zenye milinganyo `x² − x − 1 = 0` na `x² + x − 1 = 0`. Wa kwanza ndio mlinganyo wenyewe wa uwiano wa dhahabu.

Kagua mambo mawili kabla hujaendelea. Jumla ya x zote lazima iwe sifuri, kwa sababu mshazari mkuu una sifuri tupu. Na jumla ya miraba yake lazima iwe mara mbili ya idadi ya bondi za kaboni kwa kaboni: 2.618 + 2.618 + 0.382 + 0.382 = 6, na bondi ni tatu. Ukipata 8 umeweka β kwenye kona. Ukipata 4 umeisahau bondi ya kati.

### 6. Tafuta vekta, halafu ndipo upange ngazi

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wapunguze mwendo. Chukua x moja, iweke kwenye p0, p1, p2, p3. Namba nne unazopata ndizo uzito wa elektroni kwenye kaboni 1, 2, 3 na 4.

```
x =  1.618 :   1    1.618    1.618    1
x =  0.618 :   1    0.618   −0.618   −1
x = −0.618 :   1   −0.618   −0.618    1
x = −1.618 :   1   −1.618    1.618   −1
```

Sasa hesabu ni mara ngapi alama inabadilika ukitembea kutoka kaboni 1 hadi 4. Mstari wa kwanza: sifuri. Wa pili: mara moja. Wa tatu: mara mbili. Wa nne: mara tatu. Kila mahali alama inapobadilika ni fundo, pahali ambapo elektroni haipatikani, na mafundo yakiongezeka nishati inapanda. Kwa hiyo ngazi ya chini kabisa ni ile isiyo na fundo, x = +1.618, na nishati yake ni `α + 1.618β`. Kwa kuwa β ni hasi, kuongeza 1.618β ni kushuka.

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko kukariri alama. Kwenye butadieni x nne zimekaa pande mbili za sifuri kwa ulinganifu, hivyo ukigeuza alama unapata seti ileile na huoni kosa lolote. Vekta haidanganyi hivyo. Ukiona umeiweka chini kabisa ngazi ambayo alama zake zinapishana plasi, hasi, plasi, hasi, umepindua ngazi yako juu chini.

Baada ya hapo rekebisha kila vekta iwe na urefu wa 1: jumlisha miraba, chukua kipeuo cha pili, gawanya. Kwa mstari wa kwanza, 1 + 2.618 + 2.618 + 1 = 7.236, kipeuo chake 2.690, na vekta inakuwa 0.372, 0.602, 0.602, 0.372. Kwa mstari wa pili jumla ni 2.764, na unapata 0.602, 0.372, −0.372, −0.602.

### 7. Jaza elektroni nne

Kila ngazi inabeba elektroni mbili. Mbili zinakaa kwenye `α + 1.618β`, mbili kwenye `α + 0.618β`. Ngazi mbili za juu zinabaki tupu. Nishati ya pai yote ni

```
2(α + 1.618β) + 2(α + 0.618β) = 4α + 4.472β
```

Linganisha na etheni mbili zisizojuana, ambazo kila moja ina elektroni mbili kwenye `α + β`, jumla `4α + 4β`. Tofauti ni 0.472β, na ndiyo faida ambayo mfano unaipa butadieni kwa kuziruhusu elektroni zivuke bondi ya kati.

### 8. Soma bondi kutoka kwenye vekta

Hili ndilo jibu la "sasa nazifanyia nini?" Zidisha uzito wa majirani wawili, fanya hivyo kwa kila ngazi iliyojazwa, zidisha kwa elektroni mbili, jumlisha. Unapata daraja la bondi ya pai.

Kati ya kaboni 1 na 2: 2 × (0.372 × 0.602) + 2 × (0.602 × 0.372) = 0.894.

Kati ya kaboni 2 na 3: 2 × (0.602 × 0.602) − 2 × (0.372 × 0.372) = 0.447.

Alama ya kutoa kwenye mstari wa pili imetoka wapi? Kwenye ngazi ya pili kuna fundo katikati, uzito wa kaboni 2 ni 0.372 na wa kaboni 3 ni −0.372. Wanaoisahau alama hiyo wanapata 1.0 kwa bondi ya kati, kisha wanashangaa kwamba bondi "moja" imekuwa na nguvu kuliko bondi maradufu.

Namba hizi mbili zinapimika. Daraja 0.894 liko karibu na 1 la etheni, na kweli bondi za pembeni za butadieni zina urefu wa angstromu 1.34 hivi, sawa na bondi maradufu ya kawaida. Bondi ya kati ina daraja 0.447, siyo sifuri, na urefu wake ni karibu 1.46, mfupi kuliko 1.54 ya bondi moja ya kawaida. Mimi hupenda sehemu hii kuliko zote. Tumeandika sifuri na moja kwenye karatasi, na zimetoka na habari ya kweli kuhusu umbo la molekuli.

### 9. Rudia kwa kompyuta

```python
import numpy as np
k = 1.0
M = np.diag([1, k, 1], 1) + np.diag([1, k, 1], -1)
x, C = np.linalg.eigh(M)
x, C = x[::-1], C[:, ::-1]
print(x.round(3))
print(C.round(3))
```

Herufi `k` ni uzito wa bondi ya kati ukilinganishwa na za pembeni. Ikiwa 1 ndiyo butadieni tuliyoifanya kwa mkono. Mstari wenye `[::-1]` unageuza mpangilio, kwa sababu `eigh` hutoa thamani kuanzia ndogo kwenda kubwa, nasi tunataka ngazi ya chini, yaani x kubwa, ije kwanza.

Angalia: vekta zimo kwenye *safu wima* za `C`. Ngazi ya kwanza ni `C[:, 0]`, siyo `C[0]`. Hapa butadieni inasamehe tena, maana jedwali lake la uzito lina ulinganifu na ukisoma kwa mlalo unaona ukubwa uleule wa namba. Badilisha kaboni ya mwisho iwe oksijeni na msamaha huo unakwisha. Jizoeze kusoma safu wima tangu leo.

## Jaribio moja zaidi: dhoofisha bondi ya kati

Tulijifanya kwamba β ni moja kwa bondi zote tatu, halafu hatua ya 8 ikatuambia bondi ya kati ni ndefu kuliko zile mbili. Bondi ndefu maana yake obitali zimeachana kidogo, na uruko ni dhaifu. Tuwe wakweli basi, tuweke `k = 0.8`.

Kwa mkono, kinachobadilika ni hatua moja: `p3 = x·p2 − k²·p1`. Polinomia ya mwisho inakuwa `x⁴ − (2 + k²)x² + 1`, yaani `x⁴ − 2.64x² + 1`. Unapata x = ±1.477 na ±0.677. Pengo kati ya ngazi ya juu iliyojazwa na ya chini iliyo tupu lilikuwa 2 × 0.618 = 1.236 kwa kipimo cha β. Sasa ni 1.354. Limepanuka. Daraja la bondi za pembeni limepanda hadi 0.929, na la bondi ya kati limeshuka hadi 0.371.

Kisha weka `k = 0`. Lazima upate 1, 1, −1, −1, etheni mbili zilizotengana. Ukipata kitu kingine, programu yako ina kosa, na hili ni jaribio la sekunde kumi ambalo linakuokolea saa nzima.

## Namba hizi zinafika wapi, na zinaishia wapi

Butadieni hufyonza mwanga wa urujuanimno wa nanomita 217 hivi. Gawanya 1240 kwa 217 upate nishati katika elektroni-volti: 5.71. Ukisema hilo ndilo pengo la 1.236|β|, basi |β| ni 4.6. Fanya vivyo hivyo kwa etheni, ambayo hufyonza karibu na nanomita 165: nishati ni 7.5, pengo ni 2|β|, na |β| inatoka 3.8. Hazilingani. Mfano hauhesabu jinsi elektroni zinavyosukumana, na β inabebeshwa kila kitu kilichoachwa nje. Ulichopata kwa uhakika ni mwelekeo: mnyororo ukirefuka, pengo linapungua, na mwanga unaofyonzwa unasogea kuelekea ule unaoonekana kwa macho.

Hata mwelekeo huo mfano unautia chumvi. Kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa kinapata rangi yake kwa beta-karotini, yenye bondi maradufu 11 zinazopishana, yaani kaboni 22 kwenye mnyororo, na inafyonza karibu na nanomita 450. Kutoka butadieni hadi hapo, nishati halisi ya mwanga imepungua takribani mara mbili. Mfano wenye β moja kwa bondi zote unadai pengo limepungua mara nne na nusu. Sababu umeshaiona kwenye jaribio la `k`: bondi fupi na ndefu zinapishana, na kupishana huko kunalizuia pengo lisifungike. Kwa kaboni nne unaweza kulipuuza hilo. Kwa ishirini na mbili huwezi.

## Ukikwama

Umetumia kanuni ya `x = 2cos(kπ/5)` ukapata namba za ajabu. (Hapa k ni namba ya ngazi, 1 hadi 4, siyo ule uzito wa bondi.) Kagua kikokotoo kiko kwenye digrii au radiani. Kwa digrii pembe ni 36, 72, 108 na 144. Ukipata 1.414 na sifuri, umegawanya kwa 4 badala ya 5. Kigawanyo ni idadi ya kaboni kujumlisha moja.

Kompyuta imetoa vekta zako zikiwa na alama kinyume zote nne. Hakuna kosa. Vekta na hasi yake ni hali moja ya elektroni. Lililo kosa ni kugeuza alama ya namba moja au mbili tu ndani ya vekta. Hapo umehamisha fundo.

Ngazi zimetoka zimechanganyika. Yawezekana umetumia `np.linalg.eig`, ambayo haiahidi mpangilio wowote. Kwa matriksi ya ulinganifu kama hii tumia `eigh`.

Daraja la bondi limezidi 1. Ama hukurekebisha vekta ziwe na urefu wa 1, ama umeweka zaidi ya elektroni mbili kwenye ngazi moja. Rudia hatua ya 6 na ya 7.

Jumla ya elektroni kwenye kaboni moja haifiki 1. Kwa kila kaboni, chukua mraba wa uzito wake katika ngazi mbili zilizojazwa, jumlisha, zidisha kwa 2. Kaboni 1: 2 × (0.138 + 0.362) = 1.000. Kaboni zote nne zinatoa 1 kamili. Ukipata 0.5, umesahau kwamba kila ngazi ina elektroni mbili.

Umebadilisha 0.472β kuwa kilojuli na haifanani na maabara. Ukitumia β ya −75 kJ/mol inayotokana na benzeni, mfano unatabiri faida ya 35 kJ/mol. Joto la kuongeza haidrojeni linasema vingine: buteni-1 hutoa takribani 127 kJ/mol, mara mbili yake ni 254, na butadieni hutoa takribani 239. Faida iliyopimwa ni kama 15. Usiitafute tofauti hiyo kwenye hesabu zako, haimo. Imo kwenye β iliyokopwa kutoka kwa pete yenye bondi sita zinazolingana na kuvishwa mnyororo ambao bondi zake hazilingani.